Programu Ikiganda: Kuifunga kwa Klavie, na Wakati wa Kuita Gestionnaire des tâches



Siku ya posho iliyopita, saa nne ya asubuhi, orodha ya michango yetu iliganda katikati ya kazi. Mama Sekretere alikuwa amekwisha kuandika mistari 38 ndani ya Excel: kila mstari una jina la mama mmoja, mchango wake wa juma na deni linalobaki. Alitoa amri ya kuchapa, na palepale ekrani ikapauka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Juu kabisa, kando ya jina la fishie, yakatokea maneno haya: Ne répond pas. Mkutano ulikuwa uanze saa nane, na wamama wawili walikuwa tayari wamekaa kwenye banki, wanangoja kuona kama malipo yao ya juma lililopita yameandikwa.

Mmoja wetu alikuwa amekwisha kupeleka kidole kwenye butoni ya kuzima ordinatere. Ndivyo tulivyozoea kufanya sisi wote: kitu kikikataa, tunazima, tunawasha tena. Mama Sekretere akamshika mkono. «Ngoja kwanza, mama. Ukizima hapo, unazima kila kitu, hata kile kisicho na kosa.» Dakika 20 baadaye orodha ilikuwa imerudi, nzima. Juma hili tunapenda kueleza alivyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu ordinatere nyingi za biro na za nyumbani kwetu zinatumia Windows ya Kifaransa kama ile yetu, na jambo hili litampata kila mtu siku moja.

Tuanze na maana ya yale maneno Ne répond pas. Kila mara unapobonyeza kitufe ao kusogeza suri, ile tunayoishika kwa mkono, Windows inaandika kama barua ndogo na kuiweka mlangoni kwa programu. Programu nzima inatoka kila mara, inachukua barua zake na kuzifanyia kazi. Kama sekunde 5 zinapita na haijatoka kuchukua barua hata moja, Windows inahesabu kwamba haijibu. Hapo inafunika dirisha la programu kwa picha yake ya mwisho, inaipausha, na inaongeza yale maneno. Basi, maneno hayo hayasemi kwamba programu imekufa. Yanasema tu kwamba haijafungua mlango. Pengine imekwama kabisa, pengine iko jikoni na kazi nzito na itarudi yenyewe. Sekunde 5 ni kidogo sana kwa ordinatere ya zamani inayofungua fishie kubwa kutoka kwenye fleshi.

Sasa, njia ya kwanza ya kufunga programu bila suri ni vitufe viwili: unashika Alt, halafu unabonyeza F4. Kwenye ordinatere ndogo za kubeba, mara nyingi F4 inafanya kazi nyingine, kama kupunguza sauti ao mwangaza. Hapo unashika Alt pamoja na Fn, ndipo unabonyeza F4.

Lazima tuelewe kwamba Alt na F4 ni ombi. Ni barua moja zaidi mlangoni, imeandikwa: tafadhali ujifunge. Programu iliyo nzima inaisoma, na kabla ya kujifunga inauliza kama unataka kuhifadhi kazi yako: Enregistrer, Ne pas enregistrer, ao Annuler. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Kwa hiyo kama ni suri ndiyo imekufa, ao waya wake umekatika, na programu yenyewe ingali hai, Alt na F4 ndiyo njia nzuri. Ni vilevile kama programu imejaza ekrani nzima na huoni msalaba wa kufunga. Unachagua Enregistrer kwa mishale ya klavie ao kwa kitufe cha Tab, unabonyeza Entrée, na hakuna kinachopotea.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ombi hilo linakwenda kwa dirisha lililo mbele, si kwa lile unalolifikiria. Shika Alt, bonyeza Tab mara moja moja mpaka dirisha unalolitaka lichaguliwe, uachie, ndipo ubonyeze Alt na F4. La pili, kama hakuna dirisha lolote mbele, Alt na F4 inafungua kisanduku cha Arrêt de Windows, yaani Windows inakuuliza kama unataka kuzima ordinatere yote. Ukikiona, usibonyeze Entrée. Bonyeza Échap, kitufe cha pembeni juu kushoto, ambacho kwenye klavie nyingine kimeandikwa Esc, na kisanduku kitaondoka.

Lakini programu iliyoganda kwa kweli haisomi barua, na ombi lako linabaki mlangoni pamoja na mengine. Ukibonyeza Alt na F4 mara kumi, umeandika barua kumi ambazo hakuna anayezisoma. Tena ni hatari: programu ikiamka ghafla itazisoma zote, moja baada ya nyingine. Kama dirisha limekwisha kupauka, Windows yenyewe inaweza kuingilia kati na kukuuliza kama unataka kufunga programu ao kuingoja. Hapo ujue kwamba hali imegeuka. Ukikubali kufunga ndani ya kisanduku hicho, Windows itaifunga kwa nguvu, bila kuhifadhi kitu.

Kabla ya kufikia nguvu, Mama Sekretere alijaribu vitu viwili ambavyo havikuchukua hata dakika moja. Alibonyeza kitufe cha Verr Maj, kile cha herufi kubwa, akaangalia taa yake ndogo. Taa ikawaka, akabonyeza tena, ikazimika. Maana yake ordinatere yenyewe ni nzima. Mgonjwa ni programu moja. Kama ordinatere yako haina taa hiyo, taa ya Verr Num inafanya kazi ileile.

Kisha akatafuta kisanduku kilichojificha. Mara nyingi tunafikiri programu imeganda, kumbe imeuliza swali na inangoja jibu letu, lakini kisanduku cha swali kiko nyuma ya dirisha lingine. Dalili yake ni hizi: ekrani haipauki, maneno Ne répond pas hayatokei, na kila ukibonyeza unasikia mlio mfupi. Hapo huhitaji kufunga chochote. Pita kwenye madirisha kwa Alt na Tab mpaka uone swali, ulijibu, ao ubonyeze Échap mara moja. Siku ile hapakuwa na mlio wala swali. Ekrani ilikuwa imepauka, na maneno yalikuwa palepale.

Ndipo akaita Gestionnaire des tâches. Unashika Ctrl na Maj pamoja, halafu unabonyeza Échap. Maj ni kile kitufe chenye mshale mnene unaoelekea juu. Dirisha linalofunguka linaonyesha kila programu inayofanya kazi wakati huo. Kwenye ordinatere nyingine linafunguka dogo, likiwa na orodha fupi tu. Chini yake kuna maneno Plus de détails, na ukiyachagua linapanuka. Lile kubwa, kwenye ukurasa wa Processus, lina safu zenye majina Processeur, Mémoire na Disque. Kwa programu iliyoganda, safu mbili ndizo za kusoma: Processeur, inayoonyesha programu inavyofikiri, na Disque, inayoonyesha inavyosoma ao kuandika fishie.

Hapa ndipo Gestionnaire des tâches inashinda Alt na F4 mara ya kwanza: kabla ya kufunga, inakuonyesha ndani ya nyumba. Kama kwenye mstari wa Excel namba za Disque zinacheza, zinapanda na kushuka, basi programu inafanya kazi. Pengine inahifadhi kwenye fleshi nzito. Ukiifunga wakati inaandika, fishie inaweza kubaki nusu, na kesho haitafunguka. Acha ifanye, nenda ukachemshe chai. Kama namba za Processeur ziko juu, pengine inapiga hesabu ndefu. Ipe nayo nafasi, dakika 10 hata 15. Lakini programu inaweza pia kuzunguka palepale bila mwisho, na namba zake zitabaki juu vilevile. Kama robo saa imepita na hakuna kilichobadilika kwenye ekrani, usiendelee kungoja.

Namba za Excel yetu zilikuwa 0 kwenye Processeur na 0 kwenye Disque. Mama Sekretere aliziangalia dakika 3 kwa saa ya ukutani, na hazikutikisika. Programu isiyofikiri na isiyoandika inangoja kitu. Inangoja nini? Mama Mtunza-sanduku ndiye aliyeona: empirimante, ile mashine ya kuchapa karatasi, ilikuwa imezimika. Kurani ilikatika asubuhi mapema, ikarudi, na ordinatere haikusikia kitu kwa sababu ina batri yake. Empirimante haina batri, na hakuna aliyeiwasha tena. Excel ilikuwa imegonga mlango wa empirimante, na ilikuwa ingali inangoja ifunguliwe.

Waliwasha empirimante, wakangoja dakika 2 zaidi. Mara nyingine hiyo peke yake inatosha: kile kinachongojwa kikipatikana, programu inaamka na kazi yote iko mahali pake. Ni vilevile kwa fleshi iliyolegea kwenye tundu lake. Kutafuta kinachongojwa ni bora kuliko kufunga, kwa njia yoyote. Lakini safari hii Excel haikuamka.

Basi ikabaki kufunga kwa nguvu. Kabla ya hapo, Mama Sekretere alifanya jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiria. Alichukua simu yake akapiga foto ya ekrani. Lile dirisha lililopauka linaonyesha bado picha ya mwisho ya kazi, na mistari ya chini, ile mipya kabisa, ilikuwa inasomeka vizuri. Ukifunga, picha hiyo inaondoka. Foto ya simu inabaki.

Aliangalia pia ni fishie gani nyingine ziko wazi. Kwenye Excel ya miaka hii, tangu ile ya 2013, fishie zote unazofungua kwa kawaida zinakaa ndani ya programu moja. Ukiifunga kwa nguvu, zote zinaanguka pamoja, hata ile ambayo haikuwa na shida. Fishie ya mikopo ilikuwa wazi pia, lakini ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa tangu asubuhi, na hakuna aliyeigusa tena. Angeikuta haijahifadhiwa, angeipiga foto vilevile.

Sasa kufunga kwenyewe. Mwenye suri anachagua mstari wa Excel na kubonyeza Fin de tâche, chini ya dirisha ao juu yake, kufuatana na Windows uliyo nayo. Asiye na suri anateremka kwa mishale ya klavie mpaka kwenye mstari wa Excel, akihitaji anatumia Tab kwanza ili kuingia ndani ya orodha, halafu anabonyeza kitufe cha Suppr. Soma jina la mstari mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu hakuna swali la Enregistrer litakalokuja. Hiyo ndiyo tofauti na Alt na F4. Ya kwanza inamwomba mwenye nyumba atoke, naye anapata wakati wa kufungasha vitu vyake. Ya pili inamtoa nje bila kumuuliza, na vitu vyote visivyohifadhiwa vinapotea.

Excel ilitoweka. Mama Sekretere akaifungua upya, na upande wa kushoto pakatokea orodha ndogo yenye jina Récupération de document. Hizo ni nakala ambazo Excel inaziweka yenyewe, kila dakika 10 kama hukubadilisha kitu. Ya mwisho ilikuwa ya 9:52. Aliifungua, akahesabu: mistari 33. Ilikosa 5. Aliihifadhi kwa jina jipya, ili asifute ile ya zamani kabla ya kuhakikisha, akaandika ile mistari 5 kutoka kwenye foto ya simu, na Mama Mtunza-sanduku akasoma kwa sauti majina na feza kutoka kwenye daftari la karatasi. Jumla ya ekrani na jumla ya daftari zikalingana. Malipo ya wale wamama wawili wa kwenye banki yalikuwemo, na karatasi ikachapwa, safari hii empirimante ikiwa inawaka.

Kama butoni ingeshikiliwa, ingekuwaje? Pengine ile nakala ya 9:52 ingepatikana. Lakini foto isingepigwa, na chanzo, yaani empirimante iliyozimika, kisingeonekana. Tungewasha ordinatere, tungeandika upya, tungetoa amri ya kuchapa, na Excel ingeganda tena palepale.

Hatusemi kwamba Gestionnaire des tâches ni ya kila siku. Tumeona mahali panne ambapo ni bora kuliko Alt na F4. Kwanza, dirisha limepauka na ombi la kufunga halisikilizwi. Pili, hujui ni programu gani inayolemea ordinatere; hapo safu za Processeur na Disque zinakuonyesha mkosaji, na unaacha nyingine zifanye kazi. Tatu, programu imejaza ekrani yote na imeganda, huoni kitu kingine. Gestionnaire des tâches mara nyingi itatokea mbele yake. Nne, dirisha limefungwa lakini programu inabaki nyuma ya pazia: unafungua tena fishie yako, na unaambiwa inatumiwa, wakati hakuna anayeitumia. Ukiikuta kwenye orodha bila dirisha lolote, ifunge kutoka pale.

Mahali pengine pote, anza na ombi. Hasa kama kuna kazi isiyohifadhiwa na programu ingali inajibu, hata kwa uvivu, usiifunge kwa nguvu kwa sababu tu una haraka.

Ndani ya ile orodha kuna pia mistari ambayo si ya kugusa. Chini kabisa, kwenye sehemu ya Processus Windows, kuna kazi za Windows yenyewe, na kufunga moja wapo kunaweza kuangusha ordinatere yote. Tuna ruhusa kwa mmoja tu: Explorateur Windows, anayetunza ule mstari wa chini ya ekrani na madirisha ya fishie. Mstari huo ukiganda, mchague, na utaona butoni inabadilika kuwa Redémarrer. Inauzima na kuuwasha tena, na programu zako nyingine zinabaki wazi.

Na kama hata Ctrl, Maj na Échap hazileti kitu? Jaribu Ctrl, Alt na Suppr pamoja. Windows inaleta ekrani yake yenyewe, nje ya programu zote, na ndani yake kuna Gestionnaire des tâches. Shuka kwa mishale, bonyeza Entrée. Kama hiyo nayo haitokei, na taa ya Verr Maj haibadiliki tena baada ya dakika kadhaa, basi ni ordinatere nzima iliyoganda. Hapo tu ndipo butoni ya kuzima inapata haki yake. Iangalie kwanza fleshi: kama taa yake inawaka na kuzimika haraka, ngoja itulie.

Tangu siku ile tumebadilisha jambo moja kwenye ordinatere ya biro. Ndani ya Excel unaingia Fichier, halafu Options, halafu Enregistrement, na hapo kuna namba ya dakika za nakala za peke yake. Ilikuwa 10, tumeweka 3. Kama Excel ingeganda tena saa ileile, tungekosa mstari mmoja ao miwili badala ya 5. Na daftari la karatasi linabaki mezani, kando ya klavie, kama zamani.